Nyuki Akikuuma: Uvimbe wa Kuvumilia na Dalili za Kukimbilia Hospitali

Penye mashine ya kukamulia miwa hapakosi nyuki. Kutwa nzima wanazunguka ndoo ya juisi na rundo la makapi, na muuzaji huwapunga kwa kitambaa bila wasiwasi, kwa kuwa nyuki anayetafuta chakula hana haja ya kuuma mtu. Huuma anapobanwa. Basi tumchukue mama mmoja muuza juisi, awe mfano wetu katika makala haya. Saa nne asubuhi anashika muwa bila kutazama, nyuki anabanwa, na mara moja anamdunga kwenye mgongo wa mkono wa kushoto, karibu na kidole chenye pete ya ndoa. Kuanzia hapo saa inahesabu. Sekunde zina kazi yake, saa ya kwanza ina yake, na siku ya pili ina mambo yake, ambayo ndiyo huwachanganya watu wengi kuliko yote.

Tuanze na sekunde. Mwiba wa nyuki una vijino vilivyoelekea nyuma, kama vya ndoana. Ukishaingia kwenye ngozi ya mtu hautoki kirahisi, na nyuki anapojivuta kuruka, mwiba hubaki pamoja na kifuko cha sumu na misuli yake midogo. Nyuki mwenyewe hufa. Lakini kile alichokiacha hakijafa: ile misuli inaendelea kujikunja na kukunjuka, ikisukuma sumu ndani. Ukitazama kwa karibu unaona kitu cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele, kikitikisika juu ya ngozi. Asilimia 90 ya sumu huwa imeshaingia ndani ya sekunde 20, na baada ya dakika moja hakuna iliyobaki ya kuingia.

Ndiyo sababu ule ushauri wa zamani wa kutobana mwiba kwa vidole umepitwa na wakati. Tumeambiwa miaka mingi kwamba ukiushika kwa kucha utakamua sumu yote, kwa hiyo utafute wembe, kisu butu au kadi ya benki uukwangue kwa ubavu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walilipima jambo hili kwa kujidungisha nyuki wenyewe kwenye mikono, kisha wakautoa mwiba kwa njia zote mbili na kupima ukubwa wa vimbe. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba njia haikuleta tofauti. Kilicholeta tofauti ni kuchelewa: kadiri mwiba ulivyokaa, hata kwa sekunde chache tu, ndivyo uvimbe ulivyokuwa mkubwa. Sababu yake ni kwamba sumu haitoki kwa kifuko kuminywa kwa nje, bali kwa pampu ndogo iliyo ndani ya mwiba wenyewe, na pampu hiyo haijali umeshikwa vipi. Kwa hiyo mama yetu aung'oe papo hapo kwa kucha zake, au aufute kwa nguvu kwa upindo wa khanga. Akipoteza nusu dakika kutafuta kadi kwenye pochi, sumu karibu yote itakuwa imeshaingia.

Akishautoa, aondoke pale. Mwiba unapobaki kwenye ngozi hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na kwa nyuki wengine harufu hiyo ni wito wa kuja kushambulia mahali hapo hapo. Kwa nyuki mmoja wa kwenye miwa, aliye mbali na kundi lake, hatari hiyo ni ndogo. Karibu na mzinga, au chini ya mti wenye kundi la nyuki, ni kubwa sana, hasa kwa nyuki wetu wa Afrika ambao huchokozeka upesi na hutoka wengi kwa mara moja.

Nyigu, dondora na mavu ni habari nyingine. Mwiba wao haunasi kwenye ngozi, kwa hiyo haubaki, na mdudu mmoja anaweza kuuma mara kadhaa kisha akaruka zake. Usipoona kitu kwenye ngozi, usichokonoe kwa sindano wala pini kutafuta mwiba usiokuwapo. Vidonda vingi vinavyotunga usaha baada ya kuumwa na nyigu huletwa na huko kuchokonoa pamoja na kucha za kujikunia. Mengine yote yanayofuata hapa yanawahusu waliodungwa na nyuki na nyigu kwa pamoja.

Jambo la pili ambalo mama yetu anapaswa kulifanya mapema ni kuvua pete. Mkono utavimba, na pete ambayo saa nne ilitoka kwa urahisi, saa kumi jioni itakuwa imebana kidole hadi damu ipite kwa shida. Hapo mafuta na sabuni havitasaidia, italazimu ikatwe. Vivyo hivyo bangili, saa, shanga za mtoto, na kiatu cha kufunga ikiwa aliumwa mguuni. Kisha aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni ya kawaida.

Baada ya hapo ni baridi. Karibu nusu ya uzito wa sumu ya nyuki ikikauka ni melitini, ambayo hutoboa kuta za chembe za mwili na kuleta yale maumivu ya kuunguza. Ndani yake kuna pia kimeng'enya kinacholegeza nyama za chini ya ngozi ili sumu isambae. Mwili nao hujibu kwa kufungua mishipa midogo ya damu, maji yakavujia kwenye nyama, na huo ndio uvimbe. Ubaridi hubana mishipa hiyo, hupunguza kuvuja, na hutia ganzi. Hauondoi sumu, wala hauzuii mzio mkali usitokee, ila hupunguza maumivu na uvimbe kwa namna ambayo mgonjwa mwenyewe huisikia.

Namna ya kuukanda ina utaratibu wake. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja, kwa kuwa inaweza kuiunguza kama moto unavyounguza, na mtoto mdogo hawezi kueleza kwamba ngozi imekufa ganzi. Vunja barafu, uiweke ndani ya mfuko wa plastiki, uuzungushie kitambaa au taulo nyepesi, kisha uweke penye uvimbe kwa dakika 10 hadi 15. Ondoa, uache ngozi ipumzike na kurudia joto lake, halafu rudia. Fanya hivyo mara kadhaa siku hiyo ya kwanza. Pasipo na jokofu, chupa ya soda baridi kutoka dukani ikifungwa kwa leso inatosha. Kijijini, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi na kukamuliwa, kikibadilishwa kila kinapopata joto, kinafanya kazi ile ile kwa upole zaidi. Wakati huo mkono ulioumwa uinuliwe juu ya mto, usining'inie.

Kwa maumivu, parasetamoli. Kwa kuwasha, kidonge cha setirizini cha miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, au piritoni kama hiyo ndiyo iliyopo, ila piritoni huleta usingizi, na dereva wa bodaboda asiimeze akiwa kazini. Kwa mtoto, kipimo kiulizwe kwa mfamasia kulingana na umri wake. Mafuta ya taa, maji ya betri, mkojo, udongo na kinyesi cha ng'ombe visipakwe. Mafuta ya taa na maji ya betri huunguza ngozi, na udongo au kinyesi kwenye ngozi iliyotobolewa vinaweza kuleta pepopunda. Kitunguu hakina madhara yanayojulikana, ila kisichukue nafasi ya kung'oa mwiba.

Siku ya pili ndiyo inayoleta simu nyingi. Mama yetu anaamka na kukuta mkono umevimba kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Ngozi imekuwa nyekundu, ina joto, imekaza na inawasha vibaya. Jirani anasema sumu inapanda kuelekea moyoni. Duka la dawa linampa viuavijasumu. Wote wawili wamekosea. Kwa watu wengi uvimbe huwa mdogo na huisha ndani ya siku moja hivi, lakini kwa wengine huvuka upana wa sentimita 10, hufikia kilele kati ya saa 24 na 48, na huchukua siku tano hadi kumi kuisha. Huo ni mwitikio wa mwili kwa sumu, si bakteria, kwa hiyo viuavijasumu havina kazi hapo. Njia rahisi ya kuufuatilia ni kuchora mpaka wa wekundu kwa kalamu ya wino, na kuandika saa pembeni. Ukisambaa siku mbili za mwanzo huku mgonjwa akiwa mzima, ni jambo la kutarajia. Lakini ikiwa ulikuwa umeanza kupungua, kisha siku ya nne au ya tano ukarudi na maumivu makali kuliko kuwasha, pamoja na homa au usaha, hapo bakteria wameingia na mgonjwa aende kituo cha afya.

Usoni uvimbe hutisha zaidi kwa sababu ngozi ya huko ni laini. Mtoto aliyeumwa kwenye paji la uso anaweza kuamka macho yote mawili yamefumba, kwa kuwa maji ya uvimbe huteremka kwenye kope. Kama anapumua vizuri, anacheza na anakula, baridi na dawa ya kuwasha vinatosha. Kuna sehemu mbili ambazo hazisubiriwi hata kama hakuna mzio wowote. Ya kwanza ni mboni ya jicho yenyewe. Ya pili ni ndani ya mdomo au koo, jambo linalowapata wanaokunywa soda au juisi iliyoachwa wazi bila kuona kwamba nyuki ameingia. Ulimi au koo likivimba, njia ya hewa inaweza kuziba. Huyu anyonye kipande cha barafu njiani, lakini njia iwe ni ya kwenda hospitali.

Sasa tuje kwenye saa ya kwanza, kwa sababu humo ndimo watu hufa. Tofauti moja ya kushika ni hii: uvimbe wa mahali palipodungwa, hata ukiwa mkubwa namna gani, mara chache huhatarisha maisha, isipokuwa mdomoni na kooni. Kinachotisha ni dalili zinazotokea mbali na hapo. Mtu kaumwa mkononi lakini tumbo ndilo limejaa mabaka. Kaumwa mguuni lakini midomo ndiyo inavimba. Huo ni mzio wa mwili mzima. Kinga ya mwili ilishaitambua sumu hiyo tangu mtu alipoumwa siku za nyuma, pengine bila shida yoyote, na safari hii inaachilia kemikali zake zote kwa mpigo. Mishipa ya damu inalegea kote, presha inaanguka, na njia za hewa zinabana.

Tumwangalie mtu wa pili wa mfano, mrina asali wa miaka arobaini, mwenye kilo 60, aliyeko kwenye misitu ya miombo ya Sikonge mkoani Tabora, nchi ya asali tangu zamani. Ameumwa mara nyingi maishani na hakuwahi kupata zaidi ya uvimbe. Leo anaumwa shingoni mara moja. Dakika tatu baadaye viganja, nyayo na ngozi ya kichwa vinaanza kumwasha. Dakika ya sita ana mabaka yaliyovimba kifuani na mapajani. Halafu anakohoa, sauti inakwaruza, na anasema koo linambana. Tumbo linamsokota, anatapika. Anajisikia vibaya kwa namna asiyoweza kuieleza, na wengi katika hali hii husema wazi kwamba wanaona wanakufa. Mwenzake asilichukulie neno hilo kuwa ni woga. Dakika ya kumi na mbili anasimama, anaona giza na kuanguka. Si kila mgonjwa hupitia dalili zote hizi, wala si lazima zifuatane hivyo. Mmoja katika kila watu kadhaa hatakuwa na mabaka kabisa, atazimia tu. Mtoto naye anaweza kuonyesha kwa kutapika, kulegea na kuwa na usingizi wa ghafla.

Dawa ya hali hii ni moja, nayo ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati kati ya nyonga na goti. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kisizidi miligramu 0.5. Ampuli ya kawaida ina miligramu moja katika mililita moja, kwa hiyo mrina asali wetu anahitaji mililita 0.5, na mtoto wa kilo 15 anahitaji mililita 0.15. Asipopata nafuu baada ya dakika tano, huchomwa tena. Adrenalini hubana mishipa iliyolegea, hufungua njia za hewa na kuupa moyo nguvu, na huanza kazi ndani ya dakika chache. Piritoni na haidrokotizoni haziwezi kufanya hivyo. Hupunguza kuwasha na mabaka, nazo huchukua muda mrefu zaidi kuanza kazi. Mara nyingi mno mgonjwa hufika zahanati akachomwa hizo mbili, akawekwa kwenye benchi kusubiri, huku adrenalini ikiwa kabatini. Ndugu aliyemsindikiza ana haki ya kuuliza, kwa heshima na bila kusita: "Daktari, hahitaji adrenalini?"

Kabla ya kufika huko, mkao wa mgonjwa ni sehemu ya matibabu. Anayeona kizunguzungu alazwe chali, miguu iinuliwe juu ya gogo au begi. Anayehangaika kupumua aachwe akae, miguu ikiwa imenyooshwa. Mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala kutembezwa, hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa damu hukimbilia miguuni na moyo ukabaki bila damu ya kusukuma. Kuna watu waliokufa katika hali hii muda mfupi baada ya kuinuliwa. Hapo bodaboda inakuwa tatizo kubwa, maana mgonjwa hupakiwa wima katikati ya watu wawili. Ikipatikana gari, pikapu au guta la miguu mitatu, alazwe humo. Kama bodaboda ndiyo pekee iliyopo, na mgonjwa amezimia, ni afadhali mtu aende nayo mbio kumleta mhudumu na sindano kama zahanati iko karibu. Ikiwa ni mbali, mtalazimika kumbeba kwa machela hadi barabarani penye gari.

Akishachomwa na kuamka, asirudi nyumbani saa hiyo hiyo. Mzio unaweza kurudi mara ya pili baada ya saa kadhaa bila kuumwa upya, ndiyo maana madaktari humkalisha mgonjwa chini ya uangalizi, na aliyekuwa mahututi hulala hospitalini. Akiondoka, aandikiwe kwenye daftari lake la kliniki kwamba ana mzio wa nyuki, na watu wa nyumbani waambiwe. Sindano za adrenalini za kujichoma mwenyewe zipo duniani, ila kwetu ni adimu na ghali. Kwa mrina asali maana yake ni kufikiri upya kuhusu kazi hiyo, au angalau asiingie porini peke yake tena.

Aliyeumwa na nyuki wengi yuko kwenye hatari ya aina nyingine. Hata asiye na mzio, sumu yenyewe ikizidi huvunja misuli na chembe za damu, na mabaki yake huziba figo. Mtu mzima aliyedungwa zaidi ya mara 50, na mtoto au mzee kwa idadi iliyo chini ya hapo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama anazungumza na kucheka. Mkojo ukipungua au ukigeuka rangi ya chai ya rangi, figo zimeshaguswa, na hilo huweza kuonekana siku ya pili au ya tatu. Wakati wa shambulio lenyewe, funika uso kwa nguo, kimbia bila kusimama hadi uingie ndani ya nyumba au gari, na usijitupe mtoni: nyuki husubiri juu ya maji. Miiba utaitoa ukiwa umefika salama.

Mama muuza juisi, siku ya saba, pete imerudi kidoleni. Wewe msomaji, ukipita zahanati ya karibu na kwako wiki hii, uliza swali moja tu: adrenalini ipo, na aliye zamu usiku anajua ilipowekwa? Jibu likiwa hapana, lifikishe kwa kamati ya afya ya kijiji au mtaa, kwa kuwa ampuli hiyo ni ya bei ndogo na imo katika orodha ya dawa muhimu ambazo kila kituo kinatakiwa kuwa nazo.